Kwa nini mwenye sonona anapewa vidonge 7 tu vya usingizi?

Mkeshaji
Wakuu, naomba darasa. Shemeji yangu ana miaka 52, amegundulika ana sonona. Daktari amemwandikia fluoksetini miligramu 20 asubuhi, na diazepamu miligramu 5 usiku. Fluoksetini amepewa ya mwezi mzima ila diazepamu vidonge 7 tu, na ameambiwa arudi wiki ijayo. Alipoomba apewe 30 ili asirudi rudi, akakataliwa kabisa. Dada anasema ni ujanja wa kumrudisha ili alipie tena kumuona daktari. Je, kuna sababu ya kitabibu? Na nimesikia eti dawa ya usingizi inaongeza sonona. Inawezekanaje, wakati kinachomtesa ni kukosa usingizi?

Shubiri
Hizo dawa ndizo zinazoleta sonona yenyewe. Mwambie azitupe leo leo, anywe maji mengi, afanye mazoezi. Usingizi wa kidonge si usingizi.

Dirisha la Dawa
Shubiri, umeshika nusu ya jambo na nusu nyingine ni hatari. Aliyemeza vidonge vichache anaweza kuacha na asipate tabu kubwa. Lakini uzi huu utasomwa na watu waliokula diazepamu kila siku kwa miezi au miaka. Hao wakitupa dawa kwa siku moja wanaweza kupata kutetemeka, hofu kali, kuchanganyikiwa, hata degedege. Usitoe agizo la jumla namna hiyo.

Mkeshaji, turudi kwako. Ubongo una breki yake, kemikali inayoitwa GABA. Diazepamu haiongezi GABA, inaifanya ile iliyopo ikamate kwa nguvu zaidi. Usiku mtu analala kwa sababu breki imekanyagwa. Shida ni kwamba breki haichagui pa kukamata. Haiendi kwenye usingizi peke yake, inagusa na kumbukumbu, wepesi wa mwili, hamu ya kuanza kazi, hata uwezo wa kuguswa na jambo jema. Sasa mtazame mwenye sonona: tayari ni mzito, hana hamu, anafikiri polepole. Ukimuongezea breki ikabaki imekanyagwa mpaka mchana, umemuongezea vile vile alivyovilalamikia.

Kwa hiyo Shubiri, si kwamba kila anayemeza kidonge anapata sonona. Ni kwamba aliye nayo anaweza kuzama zaidi, na asijue ni ugonjwa au ni dawa.

Nesi wa Zamu
Naongezea kitu ambacho wengi hawakiulizi: analala vipi hasa? Kuna mtu anayegeuka geuka mpaka saa 8 usiku ndipo alale. Na kuna anayelala saa 4 vizuri tu, kisha saa 9 usiku macho yanafunguka ghafla, na hapo mawazo mabaya yote yanakuja kwa foleni. Huyu wa pili ndiye tunayemwona sana kwenye sonona.

Na yeye ndiye anayeingia mtegoni. Anameza kidonge saa 4, anaamka saa 9 kama kawaida yake, anaona hakikutosha, anaongeza kingine. Cha saa 9 usiku kinakuwa na nguvu mpaka saa 4 asubuhi. Anashinda kitandani, halali wala haamki. Usiku ukifika usingizi hauna njaa tena maana mchana kutwa alisinzia. Ndugu wanasema "sonona imepanda". Imepanda, lakini imepandishwa.

Mkeshaji
Nesi, umemwelezea shemeji kama unamwona. Saa 9 usiku kila siku. Na ni kweli usiku wa tatu aliongeza kimoja.

Dirisha la Dawa
Basi hesabu hii inamhusu. Kaa na kalamu.

Diazepamu hutoka mwilini taratibu mno. Tuchukue kwamba kwa mtu wa umri wake kiasi kilichomo kinapungua nusu kila saa 48. Wapo wanaochukua muda mfupi zaidi, na wazee huchukua mrefu zaidi, ila 48 inafaa kwa mfano. Maana yake baada ya saa 24 bado imebaki asilimia 71 hivi.

Usiku wa 1 anameza 5. Usiku wa 2, ile 5 imeshuka hadi 3.5, anaongeza 5, jumla 8.5. Usiku wa 3 anafika 11. Usiku wa 4 ni karibu 13, usiku wa 5 ni 14, na usiku wa 7 anafika 15.6. Hapo sijahesabu kile kimoja cha ziada.

Sasa acha usiku, tazama mchana. Jioni ya siku ya 7, kabla hajameza kitu, mwilini mna miligramu 10.6. Yaani anakula chakula cha jioni na wajukuu akiwa na zaidi ya vidonge 2 ndani yake, na hajagusa cha usiku huo. Ukiendelea hivi wiki kadhaa, kiwango kinasimama kwenye 17 baada tu ya kumeza.

Halafu ini linapoivunja diazepamu haliifanyi kuwa kitu kisicho na nguvu. Linatoa zao lingine ambalo nalo linalaza, na linakaa mwilini muda mrefu kuliko mama yake. Na fluoksetini anayomeza asubuhi inalipunguzia ini kasi ya kuiondoa diazepamu. Kwa hiyo namba zangu ni za chini.

Jibu Kinyume
Hesabu nzuri, lakini naweka pingamizi. Miligramu 10.6 za siku ya 7 hazileweshi kama miligramu 10 za siku ya kwanza. Mwili unazoea. Kama ingekuwa hivyo moja kwa moja, kila anayekunywa diazepamu mwezi mzima angekuwa hatembei.

Dirisha la Dawa
Kweli kabisa, na ulivyosema ndivyo. Ila kuzoea hakuendi kwa mwendo mmoja. Ule uwezo wa kulaza unachoka mapema, ndani ya wiki chache. Usumbufu kwenye kumbukumbu na umakini hauchoki haraka hivyo. Ndiyo maana unakutana na mtu ambaye dawa haimlazi tena lakini bado inamsahaulisha. Amebaki na gharama, faida imekwisha.

Kipima Joto
Hapo ndipo daktari naye anaweza kudanganyika. Wengi tunatumia dodoso la PHQ-9 kufuatilia sonona. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3 kulingana na siku ngapi tatizo limekuwepo ndani ya wiki 2, jumla ya juu ni 27. Nawapa mfano wa kubuni, ila ni wa kawaida.

Mgonjwa anaanza na alama 16. Swali la 3, usingizi, ana 3. Anapewa dawa ya usingizi. Anarudi baada ya wiki 2 na jumla ni 16 vile vile. Aliye na haraka ataandika "hakuna mabadiliko, ongeza dawa". Lakini fungua karatasi usome swali kwa swali. Usingizi umeshuka kutoka 3 hadi 1. Uchovu, swali la 4, umepanda kutoka 2 hadi 3. Umakini, swali la 7, kutoka 1 hadi 2. Usingizi umeshuka 2, hayo mawili yamepanda 2, jumla imebaki pale pale. Maswali mawili ya kwanza, yale ya kukosa hamu na kujisikia huzuni, hayajasogea.

Huyo hajabaki vile vile. Amebadilisha mateso ya usiku kwa mateso ya mchana. Na ukimwongezea dozi ya dawa ya usingizi kwa sababu jumla haikushuka, unasukuma kule kule.

Hata hivyo swali la 9 nalisoma peke yake, siligusi na hesabu. Ni lile la kuwaza kufa au kujidhuru. Likitoka 0 kuwa 1, mazungumzo yote yanabadilika siku hiyo hiyo.

Mto Mkavu
Samahani wakuu, mimi sijaelewa. Mimi nikipata mafua nameza klofeniramini na inanilaza vizuri sana. Haihitaji cheti. Kwa nini shemeji asipewe hiyo, wakaachana na hizi kali?

Nesi wa Zamu
Mto Mkavu, swali la Mkeshaji si ipi inalaza. Zote zinalaza. Swali ni nini kinabaki asubuhi. Na klofeniramini kwa hilo haina nafuu: inakaa mwilini hadi kesho yake, mdomo unakauka, kichwa kinakuwa kama kimejazwa pamba, na ikitumika mfululizo uwezo wake wa kulaza unapungua haraka. Kuuzwa bila cheti hakumaanishi ni nyepesi kwa mwenye sonona. Usiku mmoja wa mafua ni jambo lingine.

Mkeshaji
Nimeelewa ya mchana. Bado hamjanijibu kuhusu 7 badala ya 30.

Nesi wa Zamu
Nilikuwa naikwepa kidogo maana inahitaji kuandikwa kwa utulivu. Mwenye sonona anaweza kufikia saa mbaya ambayo anataka kufa. Saa hiyo mara nyingi hupita. Swali la daktari ni: saa hiyo ikifika, ndani ya nyumba kuna nini? Kwa hiyo dawa zinazolaza zinatolewa kwa kiasi kidogo kadiri inavyowezekana. Si ubahili, wala hakumaanishi daktari amemshuku shemeji kwa jambo fulani. Maelezo rasmi ya zolpidemu, dawa nyingine ya usingizi, yaliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani yanasema wazi kwamba kwa wenye sonona ziandikwe idadi ndogo kabisa kwa mara moja, na yanataja kwamba hali imeripotiwa kuzidi kwa baadhi ya wenye sonona waliotumia dawa za kulaza. Uingereza nako, tangu 1988, ushauri rasmi ni kwamba benzodiazepini, kundi ambalo diazepamu imo, zisitumike peke yake kutibu sonona, kwa kuwa zinaweza kumsukuma mgonjwa kwenye kujiua.

Kuna na hili. Dawa hizi zinalegeza kizuizi kama pombe inavyolegeza. Kwa wengi inaishia kwenye usingizi. Kwa wachache mtu anakuwa mkali, analia ovyo, anatenda bila kupima. Wazo ambalo mchana alilizuia mwenyewe, usiku halina mlinzi. Ukichanganya na pombe hatari inaongezeka maradufu, na pumzi pia inaweza kuzorota. Pombe isiguswe kabisa.

Na ile kurudi wiki ijayo ina kazi yake. Wiki za kwanza za fluoksetini huzuni bado haijaondoka, wakati mwingine mtu anakuwa na wasiwasi na kutotulia zaidi. Daktari anataka kumwona uso kwa uso kipindi hicho hicho.

Kwa nyumbani: dawa zitunzwe na mtu mwingine, si droo ya kitanda. Dada ampe kimoja usiku, basi. Na kile cha saa 9 usiku kiachwe kabisa, kisha daktari aambiwe kwamba kiliwahi kuongezwa. Muulizeni shemeji moja kwa moja kama anawaza kufa. Kuuliza hakumwekei wazo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo bila kusubiri miadi.

Mkeshaji
Asante Nesi. Dada ameisoma hii, amenyamaza. Dawa zimehamia kwake.

Jibu Kinyume
Sibishi hayo, ila tusiufanye uzi uwe wa upande mmoja. Kukosa usingizi kwenyewe kunaumiza. Mwenye sonona asiyelala yuko kwenye hatari kubwa ya kujidhuru kuliko anayelala. Sasa, anayepewa dawa ya usingizi ni nani? Ni yule asiyelala, yaani aliye mgonjwa zaidi tangu mwanzo. Ukikuta waliomeza vidonge wamefanya vibaya, huwezi kusema kirahisi ni kidonge kilichofanya hivyo.

Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2019: watu 103 wenye sonona, wasiolala na wenye mawazo ya kujiua, wote wakipewa dawa ya sonona, nusu wakaongezewa zolpidemu na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 8. Mawazo ya kujiua hayakuongezeka kwa waliopata zolpidemu. Kwenye kipimo kimoja yalipungua kidogo zaidi, kwenye kipimo kikuu tofauti haikuthibitika.

Pia tathmini ya pamoja ya majaribio, nayo ya 2019, ilionyesha kwamba kuchanganya benzodiazepini na dawa ya sonona kunaleta nafuu ya haraka zaidi ndani ya wiki 4 za mwanzo kuliko dawa ya sonona peke yake. Baada ya hapo faida haionekani tena. Kwa hiyo daktari wa shemeji hajakosea kumpa.

Kipima Joto
Nakubali karibu yote. Ila kumbuka wale 103 walikuwa wanafuatiliwa kwa karibu, hawakuchukua dawa dirishani wakapotelea miezi mitatu. Jaribio linaniambia zolpidemu ikisimamiwa hivyo haikuwazidishia. Haliniambii nini kinatokea ikisahaulika kwenye orodha ya dawa mwaka mzima. Na wiki 4 ulizotaja ndiyo hoja yangu: karibu kila mwongozo unataka dawa hizi zisizidi wiki 2 hadi 4, halafu zinakuja kukutwa mwaka wa pili.

Kunguru Mweupe
Mimi ndiye huyo wa mwaka wa pili. Zolpidemu miligramu 10 kila usiku, ni mwanamke, na asubuhi nakuwa mzito na mwenye machozi mpaka saa 5. Dawa ya sonona nameza pia. Niache?

Dirisha la Dawa
Dada, usiache ghafla. Ukiacha leo, usiku mbili tatu za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko kabla hujaanza kabisa, na utaamini kwamba bila kidonge huwezi kulala. Hayo ni matokeo ya kuacha dawa ghafla, si picha halisi ya usingizi wako.

Kuhusu dozi: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishusha dozi ya kuanzia kwa wanawake kutoka 10 hadi 5, kwa vidonge vya kawaida, kwa sababu wanawake huiondoa polepole na asubuhi bado ipo kwenye damu kwa kiasi cha kuharibu hata uendeshaji gari. Kwa hiyo uzito wako wa asubuhi una maelezo yasiyohusu sonona. Mpelekee aliyekuandikia, mwambie saa unayomeza, saa unayoamka na saa unayochangamka. Hizo saa tatu zina thamani kuliko kusema "silali vizuri".

Kupunguza kwa aliyetumia muda mrefu mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wakati huo kila wiki 2 hadi 4, na unasimama ulipo dalili zikikaza. Huko mwishoni hatua ni ndogo kuliko mwanzoni. Baadhi ya vidonge havikatwi wala kusagwa kwa sababu vimetengenezwa kuachia dawa polepole, kwa hiyo uliza kwanza. Na kama ile machozi inaambatana na kuwaza kufa, usisubiri miadi.

Kunguru Mweupe
Mawazo hayo hapana. Nashukuru. Saa tatu hizo naanza kuziandika leo.

Shubiri
Sawa, nimerudisha kauli ya kutupa. Lakini mbadala ni nini? Mtu asikeshe tu akisubiri fluoksetini ifanye kazi wiki 4.

Kipima Joto
Njia mbili ambazo ningeanza nazo. Kwanza, daktari anaweza kuchagua dawa ya sonona ambayo yenyewe inalaza, mfano mirtazapini usiku. Kinachoshangaza ni kwamba kwa miligramu 15 mara nyingi inalaza zaidi kuliko dozi kubwa. Inaongeza hamu ya kula na uzito, hilo liwekwe mezani. Amitriptilini nayo inalaza, lakini ikizidishwa inagonga moyo, kwa hiyo kwa mwenye mawazo ya kujiua wengi tunaikwepa.

Pili ni kufundisha usingizi upya. Tuseme shemeji anakaa kitandani kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, jumla ya saa 11, lakini usingizi wenyewe ni wa jumla ya saa 6 tu. Unambana: aingie saa 5.30 usiku, atoke saa 11.30 alfajiri, kila siku, hata kama hakulala. Akiwa macho muda mrefu atoke kitandani, arudi usingizi ukimjia. Akilala asilimia 85 ya muda huo kwa wiki nzima, unamwongezea dakika 15. Muda wa kitandani haushuki chini ya jumla ya saa 5. Wiki ya kwanza ni ngumu na atachukia kila mtu. Kama amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali na wala hachoki, basi asibanwe bila daktari, maana kunyimwa usingizi kunaweza kukirudisha kipindi hicho.

Mkeshaji
Hapo kwenye kuamka saa 9 usiku, kuna kitu sikusema kwa kuwa sikuona kama kinahusu. Dada anasema shemeji anakoroma hadi nyumba nzima inasikia, halafu kunakuwa kimya ghafla, halafu anashtuka kama aliyekuwa anazama.

Nesi wa Zamu
Mkeshaji, hicho kilitakiwa kiwe kwenye mstari wa kwanza wa uzi wako. Huenda pumzi yake inakatika usingizini. Hali hiyo peke yake inaleta uchovu, usahaulifu na huzuni, na diazepamu inalegeza koo na kufanya kukatika kuwe kurefu zaidi. Kabla hajameza cha leo, mpigieni daktari mweleze hivyo hivyo ulivyoandika hapa. Na dada arekodi kwa simu dakika chache za ile koroma na ule ukimya, daktari asikie mwenyewe.

Mkeshaji
Tunapiga sasa hivi. Nitarudi na jibu.